Nyoka Atoke Kwenye Barua

Shemeji yangu alinijia jioni na kurasa tatu mkononi, sura imemshuka. Ni fundi wa vitasa kwenye hoteli, na mume wa mdogo wangu. Meneja alikuwa amempa barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi: kwa nini Jumanne alifika saa nne badala ya saa moja, bila hata kupiga simu, huku mgeni wa hoteli akisubiri nje ya chumba kilichogoma kufunguka? Tayari alikuwa na maonyo mawili. Maelezo yasipokubalika kesho asubuhi, kazi hana.

"Nipitishie macho tu, shemeji," akasema. "Iko vizuri."

Miaka ishirini na miwili nimekaa ofisi ya utumishi ya kiwanda, kazi yangu kusoma barua za namna hiyo. Kuna mfanyakazi mmoja nimemzikia bibi yuleyule mara nne. Nikavaa miwani, nikachukua kalamu nyekundu.

Barua ilianza kwa "moyo uliojaa majonzi yasiyo kifani". Kufika nusu ya ukurasa wa kwanza, majambazi walikuwa juu ya paa. Ukurasa wa pili kulikuwa na nyoka, na jirani akipiga mayowe ya uchungu. Wa tatu sikuufikia, nilikuwa nimeishiwa pumzi.

"Hao majambazi uliwaona?"

"Niliwasikia."

"Wangapi?"

Akakuna kisogo. "Inawezekana alikuwa paka."

Nikapiga mstari. "Na jirani alijifungua?"

"Jino lilikuwa linamuuma."

Mstari mwingine. Nyoka naye, baada ya mahojiano mafupi, akageuka mpira wa kumwagilia maua.

"Niachie nyoka, shemeji. Ndiye anayetisha."

"Nyoka atoke."

"Hata mdogo?"

"Atoke!" Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. "Umejaza kurasa tatu, na swali moja uliloulizwa hukulijibu. Kwa nini hukupiga simu?"

Akatazama mlango kama anayepima bawaba zake.

"Simu ilikuwa chumbani."

"Na wewe?"

"Chooni. Kitasa kilinasa. Nilifungiwa tangu saa kumi na mbili, taulo kiunoni, mpaka mdogo wako alipotoka zamu yake saa tatu, akanitoa kwa kisu cha mezani."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Fundi wa vitasa! Yeye hakucheka, na hapo nikajua bado kuna kitu.

"Kwa nini fundi mzima akae na kitasa kibovu?"

"Kipya ninacho," akasema kwa sauti ndogo. "Kimo kwenye mkoba wa kazi. Miezi mitatu."

"Basi andika hivyo."

"Shemeji, nitachekwa hoteli nzima!"

"Utachekwa ukiwa kazini. Sikiliza. Katika barua zote nilizosoma, sijaona mtu akitunga uongo wa kujiaibisha mwenyewe. Uongo humfanya mtu shujaa. Meneja akisoma la choo, hatauliza shahidi."

Tukabakiza mistari hii, kwa mwandiko wake:

"Jumanne nilifika kazini saa nne badala ya saa moja. Nilikuwa nimefungiwa chooni kwangu na kitasa kibovu, na simu ilikuwa chumbani. Kitasa kipya nilikuwa nacho kwa miezi mitatu, sikukifunga kwa uvivu. Najua mgeni alisubiri nje ya chumba chake kwa sababu yangu, naomba radhi. Kitasa nimekifunga leo."

"Hujakifunga," nikamwambia.

Akaenda kukifunga ndipo akatia sahihi.

Kesho yake mchana alinipigia simu. Meneja alisoma barua mara mbili, akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Kisha akasema: "Rudi kazini, fundi. Barua itabaki kwenye faili." Nilifurahi kama kazi ni yangu.

Jumamosi nilikuwa kwao, tumekaa sebuleni, mdogo wangu akatoka chumba cha kufulia na shati la mumewe mkono mmoja na karatasi iliyokunjwa mkono wa pili. Ilikuwa nakala ya barua. Jamaa alisahau kuitoa mfukoni.

"Miezi mitatu," mdogo wangu akasema taratibu, "kila nikikuuliza kitasa, unaniambia madukani hakuna."

Shemeji akasimama. Akavuta pumzi ya mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. "Mke wangu, ngoja nikueleze. Unajua siku ile nilipotoka dukani, mvua ilikuwa inanyesha, mara nikasikia nyuma yangu..."

Nikakohoa. Nikachomoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, nikaiweka juu ya meza.

Akaitazama. Akakaa.

"Nilikuwa nacho," akasema. "Nilikudanganya. Nisamehe."

Mdogo wangu alisubiri yaendelee. Hayakuendelea. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa jioni nzima, sasa hakuwa na pa kuushika.

"Nimekusamehe," akasema, bado amekunja uso. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dada, tangu Jumatano ulikuwa unajua?"

Nikafungua mdomo. Kichwani nilikuwa na sababu nzuri sana, kama kurasa mbili hivi.