Chini ya Asilimia Nane

Katika mkutano mkuu wa mwaka juzi, ajenda iliyotuchelewesha kwenda kula haikuwa mbolea wala paa la ghala. Ilikuwa milio ya simu.

"Karani," alisimama mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Juzi simu imelia, nimeacha kuchuma, nimekimbia, debe zima la kahawa nimelimwaga chini. Nilijua binti yangu amejifungua. Nafungua, nasoma: bei imepanda kwa asilimia tatu. Sasa hiyo asilimia tatu niibebe mgongoni?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao, ingawa ujumbe ule ulikuwa wangu. Mimi ndiye karani wa bei wa chama chetu cha ushirika. Kila baada ya mnada nachukua bei ya gunia iliyotajwa kwa dola, naigawa nipate bei ya kilo, naibadilisha kwa pesa yetu kwa kiwango cha benki cha siku hiyo, natoa kile kinachopotea kinuni kahawa ikikobolewa na makato ya chama. Namba inayobaki ndiyo ya mkulima. Naiandika kwenye ubao wa nje kila Ijumaa, na kompyuta inailinganisha na ya wiki iliyopita. Ikiruka au ikianguka kupita kikomo tulichokiweka, wanachama wote wanapata ujumbe. Kikomo kilikuwa asilimia tatu.

"Tupandishe iwe nane," nilisema pale mkutanoni. "Simu ikilia, mjue kuna jambo."

Mikono ikanyooka. Hata baba mdogo, aliyekaa safu ya mbele akinyoosha mguu wake mbovu, alinyoosha yote miwili.

"Baba mdogo, mtu mmoja kura moja," nilimwambia.

"Huu mwingine ni wa kukupungia," alijibu. "Umependeza leo, utafikiri mshahara umeongezwa."

Ndivyo alivyokuwa. Baba yangu alipofariki, huyu mdogo wake ndiye aliyenichukua, akanisomesha kwa kahawa hiyohiyo ninayoitafutia bei. Nikimpa shikamoo ananijibu, "Marahaba, uzeeke unikute."

Lakini kuna jambo moja halikuwa la mzaha kwake. Miaka sita kabla, mama mdogo, mkewe, alipougua, baba mdogo aliuza kipande cha shamba cha upande wa juu kumlipia matibabu. Matibabu hayakufua dafu. Alipofariki, aliyekinunua, mwalimu mstaafu mwenye roho ya utu, akamwambia, "Mzike hapa, ndipo alipokuwa akipenda kukaa." Kwa hiyo kaburi la mkewe lilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwake, katika ardhi ya mtu mwingine.

Msimu uliopita mwalimu aliamua kuhamia kwa wanawe. Akaja kwanza kwa baba mdogo. "Nakiuza kile kipande. Nakupa wewe nafasi kabla sijamwambia mtu. Laki tatu taslimu. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi ujao, zaidi ya hapo wanangu hawataniruhusu."

Siku iliyofuata baba mdogo alikuwa dirishani kwangu ofisini, anahema. Kutoka kwake mpaka chamani ni bonde zima, kushuka na kupanda, na kwa ule mguu ni kazi ya asubuhi nzima.

Alikuwa na kilo mia saba za kahawa kavu ghalani kwetu, bado katika ganda lake la ndani. Kwetu mwanachama anachagua mwenyewe mnada wa kuuzia: akishasaini fomu, kahawa yake inaingia kwenye fungu linalofuata. Bei ya Ijumaa ile ilikuwa mia nne kwa kilo. Tulipiga hesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa mashine.

"Laki mbili na themanini," alisema, akanishinda kwa sekunde.

"Umepungukiwa elfu ishirini tu. Nitaongezea mimi. Saini leo."

"Wewe una kodi na watoto. Ngoja kwanza. Si imepanda wiki tatu mfululizo? Ikifika mia nne na thelathini sikuombi hata senti."

Hapo ndipo ningeweza kumshika mkono nikamsainisha. Badala yake nilimwonyesha ujuzi wangu.

"Basi nenda kapumzishe huo mguu, usije tena kusoma ubao," nilimwambia. "Kikomo ni nane. Ikipanda kwa nane, imefika hapo unapotaka, simu italia. Ikianguka kwa nane, italia vilevile, uje mbio tuuze. Simu ikiwa kimya, ujue bei imetulia."

"Kimya maana yake imetulia," alirudia.

"Ndiyo, baba."

Akaondoka akipiga mluzi.

Mnada uliofuata, bei ilishuka hadi mia tatu sabini na mbili. Asilimia saba. Kompyuta ikaandika pembeni neno "kawaida", na haikutuma kitu. Wiki ya pili mia tatu arobaini na nane: sita na nusu. Kawaida. Wiki ya tatu kule mnadani dola zenyewe zilianguka kwa asilimia tisa, na kama tungekuwa tunapima kwa dola simu zote za bonde zingelia. Lakini wiki hiyohiyo pesa yetu ililegea, dola moja ikazidi kuwa ghali kwa zaidi ya asilimia mbili, na tulipobadilisha anguko likaonekana karibu saba tu. Mia tatu ishirini na nne. Kawaida. Halafu mia tatu na mbili. Halafu mia mbili themanini na tatu.

Namba zote hizo niliziandika ubaoni kwa mkono wangu huu, nikajipangusa chaki kwenye sketi. Ulikuwa msimu wa kupokea kahawa, mpimaji anaita huku, dereva wa lori anagombana kule, na jicho langu lilikuwa limezoea kwenda safu ya mwisho, ile ya badiliko la wiki. Safu ile haikuwahi kunitisha. Kila wiki nilikuwa napima hatua moja. Ngazi nzima sikuitazama.

Nyumbani kwa baba mdogo, nilikuja kuambiwa baadaye, jirani mmoja alipita akamweleza kuwa amesikia kahawa inateremka. Baba mdogo akacheka. "Maneno ya njiani hayo. Ingekuwa kweli, mwanangu angekuwa ameshaniambia."

Alikuja mwenyewe siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi, akiwa amevaa koti lake la harusi za watu. Kwa bahati mbaya aliingia kwa mlango wa nyuma, wa ghalani, ulio karibu na barabara, kwa hiyo ubao hakuuona.

"Haya, imegoma kupanda, nimeshindwa mimi," alisema akikaa. "Leta fomu. Na hizo elfu ishirini zako nazitaka, usijifanye hukuahidi."

Nilicheka. Nikafungua jedwali nimwandikie kiasi, na kicheko kikanikauka mdomoni. Nilizidisha. Nikazidisha tena.

"Vipi, mashine imekufa?"

"Baba mdogo."

"Sema."

"Ni laki moja na elfu tisini na nane."

Alinitazama akingoja nimalizie mzaha. Alipoona simalizii, alitoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaitazama mbele na nyuma, kisha akainyoosha kwangu.

"Angalia kama imeharibika."

"Haijaharibika."

"Haikulia."

"Haikulia kwa sababu kila wiki ilianguka chini ya nane. Imeanguka kidogokidogo, mara tano. Ukijumlisha ni karibu thelathini."

"Lakini wewe uliona."

Mpimaji alikuwa mlangoni na karatasi za kusaini. Alizirudisha kifuani, akatoka taratibu.

"Niliandika," nilisema. "Niliandika kila wiki."

Hakugomba. Ningemshukuru kama angegomba. Aliomba kalamu, akasaini fomu polepole kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule, kwa sababu hata ile laki moja aliihitaji.

Siku kumi zile nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mkopo wa mfanyakazi ulinipa elfu arobaini. Mwenyekiti alinitolea elfu tano zake mfukoni. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamwomba miezi miwili.

"Mwanangu," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu, "nimeshawaomba wanangu mara mbili. Yupo mfyatua matofali, ana pesa mkononi."

Mfyatua matofali naye hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniuma zaidi, maana nilitaka wa kumchukia. Alikuja kwa baba mdogo akiwa ameshika kofia.

"Mzee wangu, udongo mzuri uko upande huohuo. Naweza kuliacha kaburi, nikachimba pembeni. Lakini mvua ikija sikuahidi kitu, ukingo utabomoka. Bora tumhamishe kwa heshima. Vijana wangu watachimba bure."

Baba mdogo aligeuka kulitazama kaburi. "Bure," alisema. "Sawa. Ahsante."

Upande wa chamani, kamati ilibadilisha kanuni kwa dakika tano. Sasa kompyuta inalinganisha bei na ya wiki iliyopita, na pia na ile ya juu kabisa katika wiki nane zilizopita, kwa pesa yetu na kwa dola. Mwenyekiti alinisifu mbele ya wajumbe. Nilitoka nje kabla hajamaliza.

Kibali cha afya kilipotoka, tulimhamisha mama mdogo Jumamosi asubuhi. Nafasi pekee ilikuwa katikati ya kahawa yake, na ilibidi miti minne ing'olewe. Baba mdogo aliing'oa mwenyewe, kwa sururu, akipumzika kila baada ya mzizi mmoja. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku chache nyuma, na miti yote ilikuwa imechanua, maua meupe matupu.

Vijana walipokwishafukia na kuondoka, tulibaki wawili. Nilikuwa nimetunga maneno tangu usiku. Nilipoyaanza, alinyanyua kiganja.

"Mguu huu," alisema, "umenipeleka kila mahali. Nimeshuka bonde hili nikimbeba mama yako mdogo mgongoni kwenda zahanati. Kusoma ubao kusingenishinda. Ningekuja kila Ijumaa, hata kwa kutambaa. Nilikaa nyumbani kwa sababu wewe uliniambia nikae."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe," alisema, bila kunitazama. "Wewe ni mwanangu, nitafanyaje."

Akainama, akashika shina la mti wa kwanza, akaanza kuuburuta kuelekea ukingoni mwa shamba. Maua yalikuwa yanapukutika nyuma yake mstari mrefu. Nilikimbilia mti wa pili nikaushika.

"Acha," alisema. "Huo nitarudi kuuchukua."

Nikauachia. Nikasimama pale, nikamsikiliza akienda na kurudi, mara nne.