Pindo Lililochelewa

Mama katika filamu yetu alijua kukimbia. Kusimama ndiko kulikomshinda.

Nilimchora mwenyewe, mwaka wa hamsini na sita, kwenye banda la mabati pale Lindi lililokuwa ghala la ufuta. Tulikuwa watatu tu: mimi Evaristo, mchoraji, Mwanaima, wa kunakili michoro na kuipaka rangi, na Mzungu wetu ambaye mji mzima ulimwita Bwana Picha. Serikali ilitaka filamu ya katuni ya dakika nne, ya kuwaambia wazazi kwamba mtoto akishikwa na homa apelekwe dispensari mapema. Mama anakimbia na mtoto mikononi, mbwa wake kando. Anafika mlangoni, anasimama. Mtoto anapewa dawa, anapona, anacheka. Ukisimuliwa ni jambo la pumzi moja. Ukichora, kila sekunde inakula michoro kumi na miwili, kila mchoro unapigwa picha mara mbili, na bati linakupika tangu saa tatu asubuhi. Jasho likidondoka kwenye karatasi, unaanza upya. Mimi nilikwishachoka kabla hata penseli haijachongwa.

Mbwa hakunisumbua. Mkia una adabu yake: shina linafuata kiuno, katikati inafuata shina, ncha inakuja mwisho. Mbwa akisimama, shina linasimama naye, lakini ncha bado ina safari, inaruka mbele juu ya mgongo, inarudi, inatikisika kidogo, inatulia. Nilikaa siku mbili nikimtupia mifupa mbwa wa jirani, nikamaliza.

Nywele tulizigombania. Bwana Picha alimchorea mama nywele ndefu zinazopepea nyuma kama moshi wa treni. Mwanaima akazitazama, akashika kiuno.

"Kaka Evaristo, mwambie huyu, hizo nywele kazitoa kwa nani? Mke wa mkulima kasuka mabutu. Mabutu yanapepea?"

"Yanafanya nini basi?"

Akatikisa kichwa chake mwenyewe, akasimama ghafla. Ncha za mabutu zilichelewa kidogo sana, zikacheza mara moja, zikakoma. Kitu kigumu na kifupi hakina safari ndefu. Bwana Picha akakubali, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa hajawahi kuangalia.

Ikabaki kanga aliyojitanda mama, fundo kifuani, pindo mgongoni. Niliichora ikisimama pamoja na mama, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kama bati lililopigwa msumari. Bwana Picha akaishika michoro kwa pembe, akaipitisha haraka chini ya kidole gumba, michoro ikakimbia, mama akasimama. Akatikisa kichwa.

"Nguo yako imekufa," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Nguo haina miguu, Evaristo. Inavutwa. Anayeivuta amesimama, yeye nguo hajapata habari."

Nilimwelewa. Palipofungwa panasimama na mwili, katikati inaendelea, pindo linakuja mwisho, linampita mwenyewe na kurudi. Kujua hilo ni kazi nyepesi. Lakini pindo linapita wapi? Kwa mbio gani? Linachelewa michoro mitatu, au minane? Hayo hayapatikani kichwani, yanapatikana kwa macho. Basi tukamwomba Mwanaima akimbie uani akiwa amekumbatia furushi la matambara.

Alikimbia mara nne. Mara zote nne alishika kanga kwa mkono wa kulia.

"Achia," akasema Bwana Picha.

"Sithubutu. Nikimbie nguo ikipepea mbele ya wanaume, nyumbani kwangu nitarudi vipi?" Akalitupa furushi chini. "Mwanamke haachi nguo yake, Bwana. Labda awe na mtoto anayemfia mikononi. Hapo hata jina lake halikumbuki."

Mara akanitazama, akakumbuka, akafunga mdomo. Akaokota furushi lake polepole na kurudi kwenye rangi zake.

Lindi nzima ilijua. Miaka mitatu kabla ya hapo, tulipokuwa tunalima kule Rutamba, mwanangu Theresia alishikwa na degedege akiwa na miaka minne. Nilikimbilia kwa jirani yetu Modesti kuazima baiskeli, Modesti hayupo, baiskeli haipo. Niliporudi nyumbani, mke wangu Apolonia alikwishaondoka na mtoto kwa miguu kwenda dispensari. Siku ya kuanua matanga aliniambia neno moja: "Wewe ulikuwa nyuma." Sikujibu. Hakulirudia. Tukahamia Lindi, tukala sahani moja, tukalala kitanda kimoja, na neno lile likakaa katikati yetu. Watu husema kimya kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nausikia mshindo huo kila alipoweka chakula mezani, na niliogopa kwamba siku moja atafunga mzigo wake arudi kwao bila hata kugombana nami.

Jioni ile nilibaki na karatasi zangu. Nilikuwa nimewahi kuona kanga iliyoachiwa, mara moja tu, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimejizuia nisiitazame. Nikaitazama. Nilichora bila kufuta. Mchoro wa thelathini na moja, miguu imesimama, kifua bado kinaelekea mbele. Wa thelathini na mbili, magoti yanapokea uzito. Wa thelathini na nne, katikati ya nguo inafika mgongoni na kujikunja. Wa thelathini na nane, pindo linavuka bega la kushoto, linamwangukia mtoto usoni. Linarudi nyuma kidogo. Linasogea tena, safari hii kwa uvivu. Wa hamsini, limetulia. Nilipoipitisha michoro chini ya kidole gumba niliona ni sawasawa.

Bwana Picha aliipitisha mara kumi. Akanishika bega. Mwanaima akanakili, akapaka rangi, kamera ikala picha moja moja kwa wiki mbili.

Tuliionyesha kwa majaribio asubuhi moja kwenye darasa la shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Waliitwa akina mama thelathini hivi wa mjini. Mwanaima ndiye aliyewapitia majumbani, na hakuniambia kwamba amempitia na Apolonia. Nilimwona taa zikiwa zimekwishazimwa, yuko benchi la pili, mikono mapajani.

Mama akakimbia. Wanawake wakamcheka mbwa, wakamsifu. Kanga ikapepea nyuma, ikipanda na kushuka, ikichelewa kila hatua. Mama akasimama. Pindo likaja, likavuka bega, likamfunika mtoto uso.

"Amekufa," akasema mtu.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," mwingine akaitikia, na nusu ya darasa ikamfuata. Waliosalia wakafanya ishara ya msalaba. Mtoto alipotokea kitandani akinywa dawa, bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo ni mwingine, yule wa kwanza kafunikwa tumemwona. Na alipocheka hakuna aliyecheka naye.

Sasa niambie nani alaumiwe. Nguo ilienda ilivyotakiwa. Ingekuwa ovyo, wangeona katuni. Kwa kuwa ilikuwa kweli, waliona mtoto kafunikwa uso, na kwetu mtoto hafunikwi uso mpaka amekwisha. Sisi watatu tulikuwa tumelitazama pindo kwa mwezi mzima na hakuna aliyekumbuka. Mwanaima alilia. Bwana Picha akaniambia nipunguze, pindo liishie begani. Nilijua halitaishia begani, kwa mbio zile haliwezi, nikamwambia nitafikiri.

Nilipotazama benchi la pili, Apolonia hakuwepo.

Nilirudi nyumbani mchana ule nikiburuta miguu, nikiwa na yakini nitakuta mzigo umefungwa. Nilimkuta jikoni anasonga ugali. Hakugeuka.

"Baba Theresia."

"Naam."

"Lile pindo lilipita bega la kushoto."

"Ndiyo."

"Likamwangukia. Likarudi kidogo. Likaja tena pole pole, likalala."

"Ndiyo."

"Nililisikia shavuni namna ile ile. Sijamwambia mtu, hata mama yangu." Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Nani kakuambia?"

"Sikuambiwa."

"Ulikuwa wapi wewe?"

Miaka mitatu niliisubiri ile "wapi," na ilipokuja nilikuta nimechoka hata kujitetea. "Nyuma yako," nikasema. "Sikupata baiskeli, nikakukimbilia. Nilikufikia pale kwenye mikorosho ya dispensari. Ulipofika mlangoni nilikuwa hatua kumi. Ulipoingia ndani miguu ikakataa. Nilikwishaona uso umefunikwa, nikajua."

"Na ukanyamaza."

"Ulisema nilikuwa nyuma. Hatua kumi ni nyuma."

Akageuka. Sijui nilitegemea nini, labda kofi. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani.

"Ulikuwa mgongoni, ukaona mgongo," akasema. "Mbele hukuona. Umeichora nusu. Mimi nililifunua."

"Ulifunua?"

"Hivi." Akaacha mwiko, akakunja mkono wa kushoto kana kwamba ana mtoto. Kwa vidole viwili vya mkono wa kulia akashika ncha ya nguo isiyokuwepo, akainyanyua kwanza, ndipo akaisogeza nyuma ya bega. Alifanya taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Alikuwa macho."

Nilishika mwimo wa mlango. Miaka mitatu nilikuwa nimemzika mwanangu pale kizingitini, kabla hajaingia.

"Degedege lilikuwa limemwachia," akasema. "Alikuwa na akili zake kabisa. Aliniuliza, baba yuko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, yuko nyuma, anakuja." "Akafurahi. Ndipo tukaingia. Miaka mitatu, Evaristo, kila nikikutazama nakumbuka kwamba neno la mwisho nililompa mwanangu lilikuwa uongo."

"Halikuwa uongo."

"Najua," akasema. "Nimeona leo."

Akakaa chini palepale, kwenye kigoda, nami nikakaa kwenye udongo karibu naye, na tulilia mpaka ugali ukaungua.