Baridi ya El Arenal

Rosaura Tipán alipofungua mlango wa chumba cha kuivishia, alijua kabla hajawasha taa kwamba mambo hayakwenda sawa. Ndizi zikiiva vizuri, hewa ya chumba huwa na utamu unaokupokea mlangoni. Asubuhi ile utamu ulikuwepo, lakini hafifu. Akawasha taa. Shehena ya upande wa kushoto ilikuwa imegeuka manjano ya kupendeza. Ile ya kulia, iliyoletwa na kaka yake Heriberto siku ya Jumatano, ilikuwa na rangi ya majivu, kama ndizi zilizokaa juu ya moshi.

Rosaura alikuwa msimamizi wa ghala la ushirika pale soko kuu la Ambato. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, na kwa miaka aliyoifanya, watu wa nyanda za chini waliomletea ndizi na nyanya walijua kwamba neno lake kuhusu tunda ndilo neno la mwisho. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua chana moja, akaigeuzageuza, akairudisha. Kisha akaenda kuangalia nyanya zilizokuja na lori lile lile.

Kabla hajamaliza, Don Leonidas Barragán akaingia. Huyu alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa bondeni, mwenye mashamba ya ndizi na nyanya, na alikuwa amepanda mlima kwa ajili ya mkutano wa ushirika. Alipoziona ndizi zake alivua kofia kama mtu aliyeingia kwenye msiba. Akasema hizo zimepondwa. Kwamba zimerushwarushwa njiani mpaka zimekufa, na kwamba kila mtu anajua barabara ya kupanda kutoka Balsapamba ina mashimo ya kuzikia ng'ombe.

Heriberto alikuwa amesimama karibu na mlango, blanketi lake la kujitanda begani. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, aliyeendesha lori la ushirika tangu ujana, na Jumapili inayofuata ndiye aliyechaguliwa kuendesha basi dogo jipya la ushirika, kuwapeleka watu mji wa Baños kuhiji kanisani. Rosaura alitegemea kaka yake ajitetee, maana kwa kujivunia uendeshaji wake hakuwa na mfano. Heriberto akasema:

"Ni kweli, Don Leonidas. Nilikimbiza. Mashimo mawili matatu niliyapiga vibaya. Kosa langu."

Don Leonidas, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi wa nusu saa, akavaa tena kofia yake. Akamwambia basi siku nyingine abebe mawe, mawe hayachubuki.

Hapo ndipo Rosaura alipoinua kichwa. Lililomshtua lilikuwa lile ungamo, kwa kuwa alikwisha kuziona ndizi, na ndizi hazikuwa zimepondwa.

Akawaita wote wawili mezani. Akachukua ndizi moja ya kijivu, akakwangua ganda lake taratibu kwa ncha ya kisu. Chini ya ngozi ya juu kulikuwa na michirizi ya kahawia iliyokwenda urefu wa tunda, kama nyuzi zilizoshika kutu. Akaimenya. Nyama yake ilikuwa nyeupe, nzima, haina doa. Kisha akatafuta nyingine, iliyokuwa chini kabisa ya kasha, palipobanana. Hii ilikuwa na doa jeusi mahali pamoja tu, palipogusana na ukingo wa kasha, na alipoimenya, nyama chini ya doa lile ilikuwa imelainika na kuwa na rangi ya chai.

"Hii ndiyo imechubuka," akasema. "Pigo huacha alama pale lilipopiga, na huingia mpaka ndani. Zipo, lakini za kuhesabu. Hizi nyingine zimeshika rangi mbaya mwili mzima, na ndani ni salama. Hizi zimepigwa na baridi."

Don Leonidas alikuwa mtu wa kulima, si mjinga wa matunda. Aliichukua ndizi, akaikwangua mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuwa mtu wa kukubali mbio mbio. Akasema kama ni baridi, basi ni ya chumba hiki, na chumba hiki ni cha Rosaura. Rosaura hakukasirika, naye angeuliza hivyo hivyo. Akamwonyesha shehena ya kushoto, iliyoingia siku moja na ile kwa lori jingine, ikalala chumba kimoja, ikavutishwa hewa moja, na imeiva kama dhahabu. Kisha akamwonyesha makasha ya kulia jinsi alivyoyapanga kwa namba za mahali yalipokaa ndani ya lori. Yaliyokaa katikati ya lori yalikuwa afadhali. Yaliyoharibika zaidi ni yale ya pembeni, yaliyogusana na mbao, na yale ya juu kabisa, chini ya turubai.

"Ubaridi uliingia kutoka nje," Don Leonidas akasema polepole. "Lakini Jumatano, zilipofika, mbona hukusema?"

"Jumatano zilikuwa mbichi. Nilidhani zimepauka kidogo kwa vumbi. Tunda likipatwa na baridi halilii siku hiyo hiyo. Huja kulia likipata joto."

Nyanya zilitoa ushahidi huo huo. Zile za pembeni, zilizochumwa zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuwa na wekundu, zilikuwa zimegoma kuiva: huku nyekundu, huku kijani kilichochoka, na ngozi ina vishimo vidogo ambavyo baadhi vimeanza kuota ukungu mweusi. Zile za chini ndani ya kreti zilikuwa na ubapa upande mmoja, na Rosaura alipoipasua mojawapo, ule ute unaozunguka mbegu ulikuwa umechafuka, hauna ung'avu. Hizo ndizo zilizogongwa. Kisha zikabaki zile ambazo Don Leonidas alizisogeza kando kimya kimya kwa mgongo wa mkono wake, na Rosaura akazirudisha mezani.

Zilikuwa na baka jeupe kwenye bega, kavu, limedidimia, laini kama karatasi. Baka moja, upande mmoja tu, na zilitapakaa katika kila kreti, za pembeni na za katikati.

"Na hizi, Don Leonidas?"

Mzee akakohoa. "Hizo ni jua."

"Jua la barabarani?"

"Jua la shambani, mama, usinitese." Akakiri kwamba vibarua walipogoa majani kupita kiasi, matunda yakabaki uchi. Na kwa kuwa amekwisha kuanza, akaonyesha mwenyewe ndizi kadhaa za chana za juu zenye weusi kwenye mgongo wa nje, upande ulioelekea mbingu. Hizo nazo zilikuwa zake. Akacheka kidogo, akasema siku hii kila mtu amepata fungu lake.

Kisha akamgeukia Heriberto. Kutoka bondeni mpaka Ambato, njia hupita uwanda wa juu wa El Arenal, chini ya theluji ya mlima Chimborazo, ambako hata nyasi huota zimejikunja. Lori likipita bila kusimama, makasha huwa bado yana joto la bondeni. Ili ndizi ziharibike namna hii, lori lazima lilisimama juu kule usiku mzima. Heriberto alikuwa amesema alipita moja kwa moja.

"Kwa hiyo bwana ana mwenyeji kule juu," Don Leonidas akasema. "Ni mnyama, alpaka wa manyoya, au kuna mjane?"

Heriberto akacheka naye, akaweka mikono mfukoni, akasema mambo ya wanaume hayaulizwi mbele ya dada zao. Don Leonidas akatoka zake kwenda kunywa kahawa. Rosaura hakucheka. Alimjua kaka yake tangu wakilala blanketi moja, na alijua kicheko chake cha kweli kina sauti gani. Akakumbuka pia kwamba asubuhi nzima kaka yake hakuwa amelitazama tunda hata moja.

Akaitwaa nyanya yenye baka la jua, na nyingine iliyopondeka, akampa moja kila mkono.

"Zitazame. Ipi ina baka jeupe?"

Heriberto hakuziinua machoni. Alizipapasa kwa vidole gumba, mpaka kidole kikafika kwenye ngozi ile kavu. "Hii."

"Sikukuambia uipapase. Nilikuambia uitazame."

Nje wapagazi walikuwa wakigombania toroli, na mama mmoja alikuwa akikaanga viazi na soseji; harufu yake iliingia mpaka ndani.

"Kama maziwa," Heriberto akasema hatimaye. "Kama mtu amenimwagia maziwa machoni. Mchana naona, si sana, lakini naona. Ukungu ukishuka na magari yakiniwashia taa, kila taa inapasuka, inajaa kioo kizima. Jumanne usiku pale El Arenal mstari wa barabara ulinipotea. Nikasogea pembeni, nikazima, nikangoja kupambazuke. Nilikuwa natetemeka, dada. Na si kwa baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Na Jumapili ungewapakia watu ishirini."

"Baños ni karibu. Ni mchana."

"Kurudi ni jioni, Heriberto, na barabara ile ina korongo upande mmoja. Mimi ningekaa kiti cha mbele. Mama angekaa nyuma yangu."

Heriberto aliziweka zile nyanya mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mayai. Rosaura aliona kwamba kinachomuuma si basi, wala si lori. Tangu baba yao afariki, Heriberto ndiye aliyekuwa macho ya nyumba nzima: anayefika, anayeleta, anayejua njia. Alikuwa radhi kuitwa mzembe, hata mzinzi, kuliko kuitwa kipofu. Rosaura akataka kumkemea, akashindwa. Akamwambia tu kwamba hatasema neno kwa mtu yeyote, lakini mkutano unaanza saa nane, na yeye Heriberto ana kinywa chake.

Mkutanoni Heriberto alikaa nyuma. Yalipoisha maneno ya mbolea na ya majani yaliyopogolewa, alisimama. Hakuzunguka. Alisema kwamba ndizi hazikupondwa, kwamba alilala mlimani kwa sababu haoni usiku, kwamba alidanganya kwa aibu, na kwamba basi apewe mtu mwingine. Kisha akakaa chini, akautazama ukuta.

Don Leonidas ndiye aliyeinuka kwanza.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Mke wangu alikuwa naye kwenye macho yote mawili. Madaktari wakamtoa. Sasa anaona vumbi kwenye viatu vyangu tangu nikiwa barabarani. Afadhali angebaki naye." Watu wakacheka, na safari hii Heriberto alicheka kwa sauti yake mwenyewe.

Ndizi zile hazikuwa na dawa. Ganda lililochomwa na baridi halirudi. Lakini nyama yake ilikuwa nzima, kwa hiyo Rosaura aliwaita waoka mikate wa mtaani, nao wakazibeba kabla ya jioni. Nyanya zilizogoma zikaenda kwa nguruwe. Don Leonidas alishuka bondeni kesho yake akiapa kwamba kibarua atakayegusa tena majani atafungwa mikono.

Jumapili basi liliendeshwa na Marlene Yanzapanta, mke wa mhasibu wa ushirika, mwanamke mfupi aliyelazimika kukalia mto ili aone mbele. Heriberto alipewa kiti cha mbele. Kuanzia Ambato mpaka Pelileo alimwelekeza kila kona, punguza hapa, shika gia ya pili pale, mpaka Marlene akasimamisha basi pembeni na kumwambia kwa upole kwamba ama anyamaze, ama ashuke akahiji kwa miguu. Mama yao, aliyekaa nyuma, akaunga mkono. Rosaura akampasia kaka yake mkate wa ndizi uliokuwa bado na joto. Akala, akanyamaza, na basi likateremka kuelekea kwenye korongo, taratibu, likishika upande wake wa barabara.