Watoto Arobaini katika Faili Kumi

Dada yangu aliingia dukani saa saba na dakika kumi mchana, bado amevaa sare ya wodini, akaweka flashi juu ya kaunta taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Mdogo wangu, kitabu changu cha mafunzo kwa vitendo kimo humu," alisema. "Lazima kifike kwenye Baraza la Wakunga kabla ya saa kumi jioni. Kisipofika, mtihani wa mwaka huu nausikia kwa wenzangu."

"Saa kumi?" Nilicheka. "Kaa chini unywe maji, dada. Hujamaliza glasi, kitabu kimefika."

Duka langu la steshenari lilikuwa na mashine moja ya kunakili, printa mbili, kompyuta moja na mdomo mmoja, na katika hivyo vyote, mdomo ndio uliokuwa hauharibiki. Hayo si maneno yangu. Ni ya Mama Vifungo, fundi cherehani niliyepakana naye barazani, aliyeitwa hivyo kwa sababu alishona huku amebana vifungo vitatu vinne mdomoni. Hata hivyo vifungo havikuwahi kumzuia kusema.

"Shoga," alimwita dada kutoka kwenye cherehani yake, "maji hayo kunywa polepole sana."

Nilitia pamba masikioni, nikafungua faili. Kurasa mia moja arobaini na nane. Uzito, megabaiti sitini na nne.

"Kuna karatasi ya maelekezo pia," dada alisema, akaitoa kwenye mkoba. "Viungo vya mtandaoni vya kupakulia faili hawavitaki. Wanataka faili yenyewe kwenye barua pepe, na barua moja isizidi megabaiti kumi. Ila barua unaweza kutuma nyingi. Na humu ndani kuna mambo mengine, soma."

"Mimi nisome maelekezo?" Niliichukua karatasi, nikaiweka chini ya glasi yake ili kaunta isilowe. "Hii kazi nimejifundisha mwenyewe, bila mwalimu wala cheti. Tunakata, tunatuma, tunakwenda zetu."

Kwanza nilijaribu kuipunguza faili uzito. Ilipungua kweli, ila mihuri ya hospitali ikageuka madoa ya chai na sahihi za wasimamizi zikawa nywele zilizodondoka. Dada aliangalia skrini mara moja tu.

"Rudisha kama ilivyokuwa."

Nikarudisha. Nikafungua programu ya kugawa PDF, nikapiga hesabu kwa sauti ili jirani asikie: sitini na nne, gawa kwa nane, ni nane nane. Nane ni chini ya kumi. Nikaamuru vipande vinane vyenye kurasa sawasawa, kumi na nane au kumi na tisa kila kimoja. Sekunde chache, vikatoka. Nikajipiga kifua.

Halafu nikatazama uzito. Vipande vitatu vya mwanzo havikufika hata megabaiti mbili kila kimoja. Vya mwisho vilikuwa na kumi na mbili.

"Kompyuta imechanganyikiwa," nilisema.

"Wa kuchanganyikiwa yupo, lakini si kompyuta," alisema Mama Vifungo, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. "Mita ya blanketi na mita ya hariri, uzito sawa?"

Dada ndiye aliyeeleza. Kurasa sitini za mwanzo, za masomo na mahudhurio, zilipigwa skani chuoni, nyeusi na nyeupe. Hizo zote pamoja zilikuwa megabaiti sita tu. Zilizobaki themanini na nane alizipiga picha mwenyewe kwa simu, za rangi, wodini, akiziegemeza kwenye dirisha lenye mwanga. Ukurasa mmoja wa hizo ulikuwa na uzito wa kurasa sita saba za mwanzo.

"Ungeniambia!"

"Uliniuliza?"

Nikatafuta kitufe. Programu ilikuwa na njia nyingine: kugawa kwa uzito badala ya idadi ya kurasa. Unataja kikomo, nayo inajaza kurasa hadi karibu na kikomo hicho, kisha inaanza kipande kingine. Nikaandika tisa nukta nane, maana mimi si mtu wa kupoteza nafasi. Nikaambatisha kipande cha kwanza, nikatuma.

"Kimekwenda," nikamwambia Mama Vifungo. "Sasa rudi kwenye blanketi zako."

Alikuwa hajafika kwenye kiti chake barua iliporudi. Mtambo wa Baraza uliikataa: ujumbe una megabaiti kumi na tatu na ushei, kikomo ni kumi.

"Kumi na tatu!" Nilisimama. "Nimetuma tisa nukta nane kwa mkono wangu huu! Hawa wanatufanya watoto. Nipe namba yao ya simu, leo watanitambua!"

"Kaa," alisema dada. Aliisema kwa sauti ambayo bila shaka hutumia kwa wanaume wanaopiga kelele kwenye korido za wodi ya wazazi. Nikakaa.

Hasira ilipopoa, nikakumbuka jambo nililowahi kulisoma na kulipuuza. Faili ikiambatishwa kwenye barua pepe haisafiri ilivyo. Inaandikwa upya kwa herufi za kawaida ili ipite njiani salama, na kwa kuandikwa hivyo inavimba kwa theluthi moja na zaidi kidogo, kama maharage yaliyolowekwa. Kikomo cha kumi kilikuwa cha barua nzima baada ya kuvimba. Kwa hiyo faili yenyewe ilitakiwa isizidi saba.

Nikaandika saba. Vikatoka vipande kumi. Nikavituma kimoja kimoja, kila barua na kichwa chake: Sehemu ya 1 kati ya 10, Sehemu ya 2 kati ya 10, hadi mwisho. Mtandao ulikuwa ukijikokota, lakini hakuna barua iliyorudi. Saa tisa na dakika tano nilijiegemeza kwenye kiti.

"Dada, nenda kalale. Mtihani ni wako."

Alimaliza maji yake. Alikuwa anafunga mkoba simu yake ilipoita. Akaweka sauti ya nje. Aliyepiga alikuwa karani wa Baraza, mwanamama mwenye sauti ya mtu aliyefungua faili nyingi siku hiyo.

"Dada yangu, nimepokea sehemu zako zote kumi, asante. Lakini unajua masharti ni matukio arobaini ya kuzalisha yaliyoshuhudiwa na msimamizi. Kwako nahesabu thelathini na mawili."

Dada alikaa tena, polepole.

"Yako arobaini. Nimeyahesabu mwenyewe."

"Tukio la pili halina sahihi. La saba halina. La kumi na mbili halina. Niendelee?"

"Zipo!" niliingilia, nikiwa nimeinama juu ya simu. "Fungueni macho, mama, sahihi zipo ukurasa unaofuata!"

"Huyo ni nani?"

"Mdogo wangu. Msamehe."

"Mwambie mdogo wako kwamba ukurasa unaofuata uko kwenye faili nyingine. Hapa kila sehemu inapewa mkaguzi wake. Mmoja ana mtoto bila sahihi, mwenzake ana sahihi bila mtoto. Ndiyo maana tuliandika kwenye maelekezo, namba nne: tukio moja lisigawanywe katika faili mbili. Mnaweza kutuma upya. Saa kumi nafunga."

Niliinua glasi. Chini yake, ndani ya duara la maji, namba nne ilikuwa inasomeka vizuri sana.

Kila mtoto alikuwa na kurasa mbili: wa kwanza taarifa ya uzazi, wa pili sahihi na muhuri wa msimamizi. Programu haikujua hayo. Ilijaza hadi saba, ikakata. Watoto walianza ukurasa wa sitini na tisa, kwa hiyo kila mmoja alianzia ukurasa witiri, na mikato ikaangukia sabini na moja, themanini na moja, tisini na moja, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mkato katikati ya mtoto. Mikato minane, watoto wanane.

"Hata mimi nisiyejua kusoma skrini," alisema Mama Vifungo, safari hii bila kucheka, "nguo siikati katikati ya mfuko."

Nikasogea pembeni, nikampisha dada mbele ya kompyuta.

"Wewe ndiye unayewajua," nilisema. "Nitajie, nitaandika."

"Hapana. Wewe soma maelekezo, mimi nitaandika."

Basi nikasoma, kwa sauti, kuanzia namba moja. Safari hii hatukugawa kwa uzito wala kwa idadi iliyo sawa. Tulitaja wenyewe kurasa za kila kipande, kisha tukapima. Moja hadi sitini, masomo: megabaiti sita. Sitini na moja hadi sitini na nane, vyeti na barua za hospitali: tano na kidogo. Halafu watoto watano watano, kurasa kumi kumi, kila kipande sita na nusu hivi. Watano mara nane ni arobaini. Vipande kumi tena, vilevile kumi, ila safari hii kila mtoto mzima.

Kabla ya kutuma kila kipande dada alifungua ukurasa wake wa mwisho kuhakikisha muhuri upo.

"Huyu alitoka anapiga chafya," alisema. Na mbele kidogo: "Huyu mama yake alinitukana mpaka bibi yangu, kisha akampa mtoto jina langu."

"Dada, saa."

"Naiona. Mapacha hawa hapa, kumi na tisa na ishirini. Mara ya kwanza uliwaacha salama, la sivyo ningekuchapa."

Kwenye kichwa cha kila barua tuliandika kwamba inachukua nafasi ya ile ya mwanzo. Ya tisa iliondoka saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Ya kumi ilizunguka, ikazunguka, Mama Vifungo akiwa ameshika fremu ya mlango kana kwamba yeye ndiye anayeisukuma barua, ikaondoka saa kumi kasoro dakika saba.

Hakuna aliyejipiga kifua.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki dakika mbili. Dada alilisoma, kisha akanigeuzia skrini. Matukio arobaini, yamekamilika. Chini yake, namba yake ya mtihani. Nikaisoma mara tatu, nikaichapa kwenye karatasi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Akaikunja, akaitia mkobani.

"Mtoto hakatwi katikati," alisema akisimama, "mdogo wangu, na namba nne haikuandikwa ili ikae chini ya glasi."

Alipotoka, akaingia mwalimu mmoja na bahasha nene chini ya kwapa.

"Kaka, nina faili kubwa, inagoma kutumwa. Nimeambiwa wewe ni bingwa wa hizi kazi."

Kule nje cherehani ilinyamaza. Mama Vifungo alikuwa ametega sikio.

"Karibu, mwalimu," nilisema, nikafuta kaunta. "Walikupa karatasi ya maelekezo?"