Nyonga ya Kibuyu

Kwenye shule yetu ya uuguzi, milimani juu ya Jakmel, hatukuwa na hata sanamu moja ya mazoezi. Mguu wa kufungia bendeji ulikuwa suruali kuukuu iliyojazwa matambara. Nyonga ya kuchomea sindano aliiunda mwalimu wetu, Mis Odanie, kwa mikono yake: nusu kibuyu ndio mfupa, kigingi cha mpera ndicho fundo la paja, juu yake sponji ya godoro, na tyubu ya pikipiki ndiyo ngozi. Nyuma, unapopita mshipa mkubwa wa fahamu, alificha foili mbili zilizotengwa kwa kitambaa. Sindano ikizitoboa zote, betri za tochi zinawasha globu: umeuchoma mshipa.

Mimi sikuwahi kuiwasha. Nilikuwa hodari, na nilijua kujisifu.

"We Philomise, unapapasa kama unanunua parachichi!" nilimtania mwenzangu, aliyekuwa mzito wa kazi kuliko wote.

"Acha nipapase," alijibu. "Wewe unachoma tu."

Siku ya mtihani nilijiamini. Jumatatu tungeingia wodini. Ambaye angewasha globu mara mbili angerudia mwaka, na mimi nilishautangazia mtaa mzima sare yangu nyeupe.

Nikaiendea meza. Mis Odanie alikuwa amebadilisha tyubu. Ngozi ilikuwa mpya, laini, haina tundu hata moja. Miezi yote ile nilikuwa nikilenga matundu yaliyoachwa na sindano za wenzangu, mfupa sijawahi kuutafuta.

Nikakisia. Nikachoma. Globu ikawaka.

"Loo, shoga yangu!" mtu akacheka nyuma. Philomise hakucheka.

"Umebakiwa na nafasi moja," alisema Mis Odanie.

Nikafumba macho, nikaweka kiganja juu ya fundo la paja, kidole cha shahada kikatafuta ncha ya mbele ya mfupa, cha kati nikakitanua kuelekea ukingo wa juu. Na kweli vilikuwepo! Kigingi kilisukuma kiganja changu, ukingo wa kibuyu ukajipinda chini ya sponji, kila kitu mahali pake, kama Mungu alivyoviweka kwa binadamu. Mwili ukanisisimka. Mwanamke huyu alikuwa ameumba mtu kwa takataka za jikoni na gereji, nami nilikuwa nimemchoma miezi mitatu bila kumgusa.

Nikachoma wima, katikati ya vidole viwili. Globu haikuwaka.

Darasa likapiga makofi. Mis Odanie akaandika jina langu.

"Umefaulu, mwanangu. Jumatatu utaingia wodini."

"Na ile ya kwanza, Mis?"

"Ile ya kwanza ni mtu anayeburuta mguu mpaka kaburini," alisema. "Wodini hakuna globu ya kukwambia."

Makofi yalikuwa bado yanalia. Nikamfuata Philomise kwenye kona yake, nikamwomba anifundishe kupapasa, tangu mwanzo.