Jambo Moja la Kurekebisha

Wewe unayeajiri, ujumbe wa uliyemkataa unaupita kama hujauona.

Fundi wa maabara mmoja alipokosa kazi tena, aliwaandikia waajiri matusi. Dada yake akamnyang'anya simu.

"Futa, mdogo wangu. Kesho utawaomba hao hao."

Akameza hasira, akaandika upya: "Asante kwa kunijulisha. Nimesikitika, ila naheshimu uamuzi wenu. Ukipata nafasi, naomba uniambie jambo moja la kurekebisha kwenye usaili."

Afisa ajira akamjibu: "Kila swali ulimsifia mkuu wako wa zamani. Hatukujua wewe mwenyewe ulifanya nini."

Fundi akausoma tena ujumbe huo. Kwao walilelewa wasijisifu. Kumbe adabu hiyo ndiyo iliyomkosesha kazi miaka yote, na waajiri wote waliotangulia walinyamaza.

Fungua simu yako. Mjibu anayekungoja, sasa hivi.