Karatasi Namba Saba

Lidwina aliinua karatasi yake ya kura kuelekea dirishani, akasoma namba iliyoandikwa pembeni, kisha akaja mezani kwangu. "Kaka Aidan," alisema polepole, "hii arobaini na moja si ndiyo namba yangu kwenye daftari la wanachama?"

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha unga, hapa Songea. Ukumbi wa mkutano tuliukodi mtaa wa Mfaranyaki. Nusu saa kabla nilikuwa nimewaeleza yote, machungu na matamu. Kwamba siku thelathini za usuluhishi wa mgogoro wa mishahara zilikuwa zimekwisha bila mwafaka. Kwamba wengi wa watakaopiga kura wakisema ndiyo, tutampa mwajiri taarifa ya maandishi ya saa arobaini na nane ndipo tugome. Kwamba mgomo halali haumfukuzishi mtu kazi, lakini siku za mgomo hazina mshahara, na hakuna kuziba geti.

Urban wa mashine ya kukoboa, rika langu, alitaka tunyooshe mikono ili wasaliti tuwaone mchana kweupe. Watu walicheka, wakampigia makofi. Nikakataa.

"Mwenye kuogopa ana haki ya kuogopa," niliwaambia. "Kura ni ya siri. Hata mimi sitajua umeandika nini."

Na karatasi nilikuwa nimezipa namba mwenyewe, kwa rula na kalamu, nikifuata mpangilio wa daftari, mtu asije akapiga mara mbili. Nilijivunia kazi ile. Daftari nililijua kwa kichwa.

Nilisimama nikawaambia nimekosea. Mtu wa nyuma akauliza kama nilitaka kuwaandikia na dhambi zao. Thelathini na watatu walikuwa wamekwisha kupiga kura. Nikafungua sanduku mbele yao, nikaanza kuchana moja moja bila kukunjua. Moja ilikuwa imejikunjua yenyewe. Namba saba. HAPANA, kwa herufi kubwa.

Nikaichana kama zile nyingine. Nilipoinua macho, Urban alikuwa anatazama vidole vyangu.

Tulirudia kwa vipande vitupu vya karatasi ya daftari la shule. Ndiyo arobaini na saba, hapana hamsini na saba. Hakukuwa na mgomo, na mishahara ikabaki ilivyokuwa. Wangapi walibadili kura kwa sababu yangu, sijui.

Mlangoni Urban alinisubiri hadi watu wakapungua.

"Umeiona?"

"Sijaona kitu."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Ana watoto watano, na mkewe alikuwa anaumwa; ningeweza kumwambia kwamba namwelewa. Sikumwambia.

Tangu siku ile, tukikutana getini asubuhi, Urban huvua kofia na kuniambia shikamoo.

Nami huitikia.